Kichwa cha Pembetatu Kwenye Stoo ya Lang'ata

Picha iliingia saa nne kasoro usiku, mvua ya Aprili ikinyesha, na chini yake maneno manne tu: "Shemeji, huyu ni nani?" Ni mke wa ndugu yangu, anayekaa Lang'ata kwenye nyumba zilizopakana na kichaka. Kabla sijajibu ukaingia ujumbe wa pili. Soja wa geti ameshasema ni kifutu, kwa sababu kichwa ni pembetatu, na amesimama mlangoni na rungu anasubiri ruhusa.

Niliuliza kwanza kama kuna aliyeumwa na kama watoto wako mbali. Hakuna aliyeumwa. Watoto walikuwa juu ya kochi sebuleni, wakifurahia kuliko mtu mwingine yeyote. Nikamwambia soja ashushe rungu na arudi nyuma hadi apate mita tatu kati yake na nyoka. Si kwamba nilishajua ni nani yule. Ni kwamba mtu anayeinama na rungu ndiye anayeumwa, awe amekosea jina au amepatia.

Ndipo nikaifungua picha vizuri. Stoo ya nyuma ya jikoni, gunia la mahindi lililoegemezwa ukutani, jiko la makaa, na katikati ya sakafu nyoka wa rangi ya chokoleti amejikunja mara mbili, kichwa akiwa amekielekeza kwa mpiga picha. Flashi imempiga usoni hadi nusu ya kichwa imekuwa doa jeupe. Kilichobaki ni umbo, na kweli lilikuwa pembetatu: mashavu mapana, pua nyembamba, shingo imebanwa. Ukimwonyesha Mnairobi yeyote umbo hilo peke yake atakuambia kifutu, ambaye wengine humwita bafe.

Nikakiacha kichwa, nikaanza na sakafu.

Sakafu ile naijua, nilikuwepo siku fundi anaiweka. Vigae vyake ni vya sentimita 30. Nyoka akiwa amejikunja unaweza kumfuata kwa macho kama unavyofuata uzi: kigae kimoja, nusu ya pili, anarudi, anamalizia. Nikapata kama sentimita 75. Unene wake, nikiulinganisha na mstari wa saruji kati ya vigae na mguu wa jiko, haukuzidi kidole gumba cha mtu mzima. Hapo tayari hoja ya kifutu ilikuwa inayumba. Kifutu wa sentimita 75 ni mnene kama kifundo cha mkono wa mwanamume, na mkia wake umekatika ghafla utadhani muumbaji aliishiwa na udongo. Huyu alikuwa anapungua taratibu kuanzia tumboni hadi ncha ya mkia.

Kisha mgongo. Kifutu ana michoro ya mishale meusi yenye kingo hafifu za njano, yote ikielekea mkiani, na ngozi yake haing'ai. Kila gamba lina ukingo uliosimama katikati kama mkuku wa dau, kwa hiyo mwanga ukimpiga husambaa na kupotea. Nyoka wa stoo hakuwa na mchoro wowote. Ile flashi iliyoharibu kichwa ilikuwa imenisaidia mgongoni: ilirudi kama kwenye kiatu kilichopigwa rangi, mstari mmoja mrefu wa mwanga bila kukatika. Hayo ni magamba laini. Picha ya simu mara nyingi haionyeshi gamba mojamoja, hasa ikishabanwa na WhatsApp, lakini namna mwanga unavyorudi haifichiki.

Kwa hiyo kifutu nilimwondoa bila kukiangalia kichwa. Ila kumwondoa kifutu hakumfanyi nyoka kuwa salama, na hapa ndipo watu wengi hukimbilia kushusha pumzi. Nyoka laini, wa kahawia, asiye na michoro, mwembamba kiasi, anaweza pia kuwa swila mchanga. Anaweza kuwa yule nyoka mchimbaji mweusi mwenye meno yanayotokeza ubavuni mwa mdomo, ambaye hata ukimshika nyuma ya kichwa atakuchoma, na ambaye dawa ya sumu iliyopo haimsaidii aliyeumwa. Nikahitaji picha ya pili.

"Shemeji, zima flashi. Washa taa ya stoo. Usisogee, kuza tu kwa zuumu. Nataka ubavu wa kichwa, si juu. Halafu usinitumie kama picha, itume kama Document."

Maelekezo hayo yana sababu. Simu ikisogezwa karibu na kitu hukikuza kilicho mbele na kukifanya kilicho nyuma kionekane kidogo. Soja alipoinama kupiga ile ya kwanza, kichwa kilikuwa sentimita chache mbele ya mwili, na kikavimba. Ukipiga ukiwa mbali kisha ukakuza, vipimo hurudi vilivyo. Umbali wa mita tatu na zaidi pia unakulinda na swila anayetema, maana mate yake hufika mita mbili hadi tatu na huelekezwa machoni. Na faili likitumwa kama Document halibanwi, kwa hiyo unaweza kulikuza hadi uone jicho.

Picha ya pili ilikuja baada ya dakika sita hivi, imetikisika kidogo lakini inatosha. Ubavuni mwa kichwa kulikuwa na mistari miwili ya rangi ya krimu. Mmoja ulianzia ncha ya pua, ukapita juu ya jicho, ukaishia kisogoni. Wa pili ulianzia chini ya jicho ukateremka hadi pembe ya mdomo. Ukiiangalia pamoja, ni kama mtu amechora herufi V iliyolala na kuweka jicho katikati ya mikono yake. Jicho lenyewe lilikuwa dogo, na mboni imesimama wima kama ya paka. Tumbo, pale lilipojipindua karibu na gunia, lilikuwa jeupe lenye mng'ao wa kombe.

Huyo ni nyoka wa nyumbani wa kahawia, ambaye kwenye vitabu ameandikwa kwa jina la Boaedon. Hana sumu. Hukamata panya, humzungushia mwili, humbana hadi afe, kisha humeza. Akimuuma mtu huacha mikwaruzo ya meno madogo. Alikuwa kwenye stoo ya shemeji kwa sababu moja tu, nayo ilikuwa ndani ya gunia la mahindi.

Nilivyowaondoa wale wengine wawili ni hivi. Swila mchanga ana mboni ya duara, hana ule mstari unaopita juu ya jicho, na mara nyingi kooni ana ukanda mweusi unaoonekana akiinua kichwa. Kuna alama nyingine ambayo wanaochunguza nyoka waliokufa huitegemea sana: swila na koboko wanakosa lile gamba dogo linalokaa kati ya magamba ya pua na lile lililogusana na jicho. Nyoka wa nyumbani analo, tena refu. Kwenye picha ya simu ni bahati kuliona, na usiku ule sikuliona, kwa hiyo sikulitumia. Nyoka mchimbaji hana shingo kabisa. Kichwa na mwili ni bomba moja, macho ni kama vichwa vya pini, mkia mfupi unaishia kwa kijimwiba, na mistari ya krimu hana. Zingatia hapo: huyo ndiye mwenye kichwa cha kinyenyekevu kuliko wote, na ndiye usiyepaswa kumgusa hata kwa utani.

Nikawaambia wazibe pengo la mlango wa jikoni kwa taulo, wafungue mlango wa nje wa stoo, wazime taa na wakae. Baada ya dakika arobaini soja, safari hii na tochi badala ya rungu, alimwona akipita chini ya geti kuelekea kwenye ua wa michongoma. Nikaandika: "Ni nyoka wa nyumbani tu, hana sumu. Kichwa kisiwatishe."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo kosa langu kwenye kisa hiki.

Wiki tatu baadaye, saa kumi na mbili na nusu jioni, mpwa wangu wa miaka 11 alinitumia picha yeye mwenyewe. "Anko, mwenzake amekuja. Huyu hata pembetatu hana. Nimtie kwenye ndoo?" Kwenye pembe ya picha ndoo ilikuwa inaonekana.

Nyoka alikuwa karibu na bomba la bustani, kwenye zege lililolowa. Kichwa chake kilikuwa cha mviringo, butu, kimefunikwa na magamba makubwa machache yaliyopangwa vizuri kama vigae, mtindo ule ule wa nyoka wa nyumbani. Jicho ni la wastani, mboni ya duara. Kwa kanuni ambayo watu hutumiana, kwamba mwenye sumu ana kichwa cha pembetatu na jicho la paka, huyu angepita mtihani wote, na yule wa stoo angefeli wote. Kumbe ilikuwa kinyume.

Nilimpigia badala ya kuandika. "Weka ndoo chini. Rudi nyuma hatua tano bila kukimbia. Mwite mama." Kisha nikarudi kwenye picha, nikaanza tena na mwili. Huyu alikuwa mfupi, kama sentimita 45 nikilinganisha na ndoo ya lita 20, lakini mnene kwa urefu wake, na mkia ulikuwa kipande tu. Ngozi haikuwaka ingawa ilikuwa imelowa, ilikuwa kama kitambaa cha mahameli. Mgongoni kulikuwa na safu ya madoa ya kahawia iliyokoza, umbo la almasi, kila moja na ukingo hafifu. Na kichwani, kuanzia katikati ya macho kurudi kisogoni, V nyeusi yenye ncha mbele.

Ni kifutu wa usiku, Causus kwa jina la kitabuni, nyoka wa kawaida kabisa kwenye bustani zenye unyevu za Nairobi. Jina lisikudanganye, hata jioni na mchana hutembea. Chakula chake ni vyura, na chini ya bomba lile linalovuja vyura walikuwa wamejaa. Sumu yake ni nyepesi sana ukilinganisha na ya kifutu mkubwa, lakini mtoto aliyeumwa kidoleni atavimba mkono na kulia usiku kucha, na lazima afike hospitali.

Swali ambalo mpwa aliniuliza baadaye ni zuri: kama ni ndugu wa kifutu, mbona kichwa chake si pembetatu? Jibu liko kwenye mahali pa kuhifadhi sumu. Kifutu wa kawaida amebeba mifuko yake ya sumu mashavuni, nyuma ya macho, na meno yake marefu yanahitaji nafasi ya kujikunja. Ndiyo maana kichwa hupanuka. Kifutu wa usiku mifuko yake haikukaa mashavuni. Imerefuka, ikapita chini ya ngozi ya shingo na kurudi nyuma, na inaweza kufika karibu sentimita 10. Kwa hiyo kichwa hakina cha kukipanua. Ni mifuko ile ile ya ukoo, imewekwa chumba kingine.

Swila naye, na koboko, wana mifuko na misuli iliyokaa kwa namna isiyokitanua kichwa. Kichwa cha koboko ni kirefu na chembamba kama jeneza, na hakuna atakayesema ni mpole. Pembetatu, basi, inakueleza habari za kifutu mkubwa na jamaa zake wachache, haikuelezi habari za sumu. Ile kanuni yenyewe nahisi tuliirithi kutoka kwa watu wa Amerika Kaskazini, ambako nyoka wengi wenye sumu wana kichwa kipana na mboni ya wima, na huko inasaidia kwa kiasi chake. Hapa kwetu swila, koboko na kifutu wa usiku wote wana mboni ya duara.

Upande wa pili kuna wasio na sumu wanaojua kuigiza. Nyoka wa nyumbani kwa asili ana mashavu yaliyotokeza kidogo, na akikunja shingo kwa hofu, tofauti ya kichwa na shingo huongezeka. Bingwa wa maigizo, lakini, ni nyoka mla mayai. Hana meno ya maana, hana sumu, ila akishtuliwa husukuma mifupa ya taya nje hadi kichwa kiwe pembetatu kamili, hujikunja na kusugua magamba yake makavu yatoe mlio wa kikaango, kisha huruka kama anayeuma. Madoa yake ya mgongoni yanafanana mno na ya kifutu wa usiku, hadi kuna V kisogoni.

Kwa hiyo ilinibidi nijiulize kuhusu picha ya mpwa: nina hakika gani kwamba si mla mayai? Hapa, kati ya wawili hawa peke yao, mboni ina kazi. Mla mayai ana mboni ya wima, kifutu wa usiku ana ya duara. Pia mla mayai ni mwembamba na magamba yake ya ubavu yanaonekana makavu, yamesimama kama msumeno, ilhali huyu alikuwa mnene na laini kama mahameli. Nilikuwa na hakika ya kutosha kuandika jina. Ingekuwa mboni haionekani, ningeandika "mmoja kati ya wawili, mchukulieni kuwa mwenye sumu," na ndoo ingebaki pale pale ilipo.

Watu hawapendi jibu hilo, wanataka jina. Lakini kuna picha ambazo hazina jina ndani yake. Nyoka aliyepondwa kichwa huonekana kuwa na kichwa cha pembetatu hata kama kilikuwa cha umbo la yai. Nyoka anayekaribia kujivua ngozi jicho lake huwa na ukungu wa buluu na rangi zake hufifia, na hapo mboni na mistari vyote hupotea. Nyoka wa nyumbani mkubwa wa nyanda za juu anaweza kuwa karibu mweusi, na ile mistari ya krimu ikawa kivuli tu au isiwepo. Mtoto wake naye huweza kuwa na madoa. Mistari miwili ikiwepo waziwazi pamoja na magamba yanayong'aa na mwili unaopungua taratibu, nasema nyoka wa nyumbani bila kusita. Mistari isipokuwepo, sisemi ni salama, nasema nahitaji picha nyingine.

Yule wa bombani tulimwachia njia. Watoto waliingia ndani, mlango ukafungwa, na jirani anayejua kuhamisha nyoka alikuja na ndoano na kopo refu la plastiki lenye mfuniko, akamtia bila kumgusa, akampeleka kichakani. Shemeji alikuwa ameshapata kutoka kwa mtu ushauri wa kuweka wembe na kamba karibu endapo atauma. Nilimwomba avirudishe vilikotoka. Aliyeumwa hachanjwi, hafyonzwi, hafungwi kamba. Anavuliwa pete na bangili kabla uvimbe haujaanza, mkono au mguu unatulizwa usitikisike, na anapelekwa hospitali. Kinachopelekwa naye ni picha ya nyoka, kama ilishapigwa kwa mbali, si nyoka mwenyewe.

Mpwa nilimweleza upya, safari hii bila ile sentensi ya "kichwa kisiwatishe", kwa sababu ndiyo aliyoigeuza ikawa kipimo chake: kichwa kisichotisha ni cha nyoka asiyetisha. Nilimfungulia picha mbili pembeni kwa pembeni nikafunika vichwa vyote kwa kidole gumba, nikamwuliza yupi mnene kwa urefu wake, yupi anang'aa, mkia wa yupi umekatika. Alijibu vyote sawa. Nilipoondoa kidole alisema, "Lakini huyu mbaya ndiye ana sura nzuri."

Bomba lilirekebishwa Jumamosi iliyofuata, ilihitaji washa ya mpira ya shilingi chache tu, na vyura wakahama wenyewe. Gunia la mahindi bado liko stoo, panya bado wanalila, na shemeji ameniuliza mara mbili kama yule wa kwanza anaweza kurudishwa.